Kisiwa Kilichonunuliwa kwa Nguo: Nani Alituhadithia Mwanzo wa Kilwa?

Kisa chenyewe wengi wetu tulikisikia shuleni. Watu wa Shirazi walifika Kilwa kwa majahazi, wakamkuta mwenyeji anayekimiliki kisiwa. Wakamwomba awauzie. Akakubali, kwa sharti kwamba walete nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Nguo zikaletwa, zikatandazwa, mwenyeji akazichukua akahamia bara, na wageni wakaanza kutawala.

Mwalimu akimaliza kukisimulia, swali la kwanza la mwanafunzi huwa moja: ni kweli au si kweli? Swali hilo halijibiki hivyo lilivyo. Kisa hakikudondoka kutoka mbinguni, kiliandikwa na watu, na kila aliyekiandika alikuwa na sababu ya kushika kalamu na alikuwa na mtu aliyemtarajia amsome. Tukiwajua hao, swali hugeuka na kuwa jepesi zaidi kulijibu: andiko hili naweza kuliamini kwa jambo lipi, na kwa jambo lipi nisiliamini?

Maandishi makuu ya kisa hiki ni matatu, na yametofautiana kwa lugha, kwa wakati na kwa mahali yalipoandikiwa.

La kwanza ni la Kiarabu, linaloitwa Kitabu cha Sulwa, yaani kitabu cha maliwazo kuhusu habari za Kilwa. Mtungaji hakutuachia jina, lakini alituachia kitu kinachokaribia jina kwa manufaa: anasema alizaliwa mwezi wa Shawwal mwaka 904 Hijria, ambao ni 1499. Kwa hiyo Vasco da Gama alipotia nanga Kilwa mwaka 1502 na kudai kodi, mtungaji wetu alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Wareno walipouteka mji Julai 1505, alikuwa na miaka sita. Aliandika akiwa mtu mzima, baada ya kuutazama mji wake ukivunjika, na kwa maelezo yake mwenyewe alitakiwa na sultani aandike.

Hapo mwandishi, lengo na hadhira vinaonekana kwa pamoja. Mtu wa Kilwa anaandika kwa ajili ya sultani wa Kilwa, katika wakati ambapo kiti cha sultani ndicho kinachogombaniwa. Wareno walimng'oa Amiri Ibrahim wakamtawaza Muhammad Ankoni. Watu wa mji walibaki wakiulizana ni ukoo gani hasa wenye haki. Katika hali hiyo, orodha ya wafalme tangu Shirazi hadi leo inakuwa hoja katika shauri. Ni kama familia inayogombania shamba: mzee akianza kutaja babu wa babu, husikilizi majina tu, unasikiliza pia mpaka wa shamba anaoutetea.

Andiko la pili limo katika kitabu cha Mreno João de Barros, kilichochapishwa Lisbon mwaka 1552. Barros hakuwahi kufika Kilwa wala bahari yetu yoyote. Alikuwa mtumishi wa mfalme katika ofisi iliyosimamia biashara ya Asia, na ripoti, barua na vitabu vilivyoletwa na meli vilipita mikononi mwake. Anatuambia kuwa habari za wafalme wa Kilwa alizitoa katika tarehe, yaani historia ya wafalme, iliyoandikwa na watu wa Kilwa wenyewe. Kwa hiyo nyuma ya Kireno chake kuna sauti ya Mswahili, ila imepita kwa mfasiri, kisha kwa mhariri aliyekuwa akiandika kumtukuza mfalme wake.

Uone jinsi lengo hilo linavyofanya kazi. Barros anasisitiza kwamba Ibrahim hakuwa mfalme halali, alikuwa mtu aliyejitwalia madaraka. Huenda ni kweli, maana hata upande wa Kiarabu unamwita amiri. Lakini sentensi hiyo ina faida kubwa kwa Mreno anayeisoma Lisbon. Ikiwa Ibrahim alikuwa mnyang'anyi, basi jeshi la Francisco de Almeida, lililouteka mji mwaka 1505, halikumpindua mfalme, lilimwondoa mnyang'anyi na kumvika mtu mwingine taji. Jambo linapomfaa sana anayelisimulia, tuliweke pembeni kwanza mpaka lipate shahidi mwingine asiye na faida nalo.

La tatu ni la Kiswahili. Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni na baadaye mwalimu wa Kiswahili Berlin, alikusanya masimulizi ya watu wa pwani na kuyachapisha mwaka 1907. Ndani yake mna hadithi ya kale ya Kilwa Kisiwani. Humu mwenyeji anaitwa Mrimba, na lipo jambo ambalo hatulisikii katika yale mawili: mgeni wa Shirazi anamwoa binti wa Mrimba. Kisha ndipo inapokuja habari ya nguo.

Sasa tuyapambanishe.

Yote matatu yanazitaja nguo. Mtu angesema: mashahidi watatu wamekubaliana, kesi imekwisha. Hapa ndipo wengi huteleza. Mashahidi watatu wana uzito wa watatu ikiwa tu kila mmoja alijua jambo kwa njia yake. Mtungaji wa Kiarabu na yule aliyeandika tarehe iliyomfikia Barros walikuwa watu wa mji mmoja, wa kizazi kinachokaribiana, waliolelewa kwa masimulizi yaleyale. Wasimulizi wa Velten ni wajukuu wa hao hao. Kwa jambo la nguo, basi, tunaye shahidi mmoja aliyenukuliwa mara tatu, na yeye mwenyewe anasimulia jambo lililotangulia kuzaliwa kwake kwa miaka mia kadhaa. Walichokubaliana kinatuthibitishia jambo moja kwa nguvu: kwamba kufikia karne ya 16 watu wa Kilwa walishaamini hivyo kuhusu mji wao. Kama nguo zilitandazwa kweli, hakituambii.

Lakini tujiulize kwa nini nguo, kwa nini si dhahabu wala vita. Mwenye mali aliyenunua ana haki isiyopingika kirahisi kuliko aliyeteka. Na nguo ndiyo bidhaa iliyoutajirisha mji, uliokuwa ukipokea vitambaa kutoka ng'ambo na kupeleka dhahabu iliyotoka Sofala. Tajiri wa Kilwa wa karne ya 16 akieleza asili ya mji wake, anaieleza kwa kitu anachokiuza kila siku. Kwa maoni yangu, kisa cha nguo ni ushahidi mzuri sana wa fikra za wafanyabiashara wa Kilwa, na ushahidi dhaifu wa tukio.

Jambo kama hilo liko katika habari ya mkondo. Kitabu cha Sulwa kinasema wageni walipofika, maji yakitoka mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara hadi kisiwani. Baada ya kuuza, mtawala wa bara alibadili nia akataka kurudi na watu wake. Wageni wakachimba kivuko, na maji hayakutoka tena. Katika masimulizi ya Kiswahili hakuna kuchimba: kinafanywa kisomo na kafara, na bahari haikauki tena. Anayefika Kilwa leo huvuka kwa chombo. Hadithi inaeleza kile kinachoonekana kwa macho, na kila mmoja amekieleza kwa nguvu anayoiheshimu yeye. Kisa kinachoeleza kwa nini mahali pako hivi palivyo kinataka tahadhari, kwa sababu mahali penyewe pangeweza kukizaa.

Tuje kwenye ndoa ya binti Mrimba. Kwa nini mtungaji wa sultani asiitaje? Mtungaji wa Kiarabu alikuwa akijenga ukoo unaopanda moja kwa moja hadi Shirazi, na katika ukoo wa namna hiyo mama wa hapa hana kazi. Msimulizi wa Kiswahili, karne nyingi baadaye, alikuwa na hadhira nyingine: watu wa Kilwa wenyewe, waliohitaji kueleza namna wenyeji na wageni walivyokuwa kitu kimoja. Kwao, mtoto wa Mrimba na Mshirazi ndiye ufunguo. Hata Barros anatutupia kitu cha jirani na hilo. Katika andiko lake, Ali aliyeianzisha Kilwa alikuwa mtoto wa mfalme wa Shirazi kwa mama mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake wa mama wa Kiajemi walimdharau, ndiyo maana akasafiri. Kitabu cha Sulwa hakina mama huyo. Kinacho badala yake sultani aliyeota panya mwenye mdomo wa chuma akiutafuna ukuta wa mji, akajua nchi yake itaangamia, akaondoka na wanawe sita kwa majahazi saba.

Andiko linapokaa kimya mahali ambapo mwenzake anasema, ukimya huo nao una mwandishi, lengo na hadhira. Na mwaka 2023 ulitokea ushahidi wa aina ambayo hakuna kati ya hao watatu angeuota. Wanasayansi walichunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo, na katika mji mmoja wa ndani, na wakaona mchanganyiko uliokuwa umeanza karibu na mwaka 1000: upande wa wanawake kwa sehemu kubwa sana Mwafrika, na upande wa wanaume mara nyingi Mwasia, hasa Mwajemi. Hilo halimthibitishi Ali, wala Mrimba, wala binti yake. Linatuambia kwamba jina la Shirazi halikubuniwa hewani, na kwamba msimulizi asiyejulikana wa Kiswahili, ambaye wasomi kwa muda mrefu walimweka nyuma ya Kiarabu na Kireno, alikuwa amehifadhi kitu ambacho mwandishi wa ikulu alikiacha.

Ugomvi wa tarehe ndio unaonifundisha zaidi. Kitabu cha Sulwa kinauweka utawala wa kwanza katikati ya karne ya 3 ya Hijria, yaani karne ya 9 Miladi. Barros anauweka karne ya 5 ya Hijria, yaani karne ya 11. Tofauti ni zaidi ya karne moja. Ukiniuliza nimchague nani kabla ya kutazama kingine chochote, ningesema mwandishi wa Kilwa. Ni mwenyeji, anajua Kiarabu, hana mfalme wa Ureno wa kumfurahisha.

Ardhi ikasema vingine. Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kukuta sarafu nyingi ndogo za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, ambaye wanahistoria wengi humwona kuwa ndiye Ali wa masimulizi. Kwa kutazama tabaka za udongo alizozikuta, aliona Ali huyo ni wa karibu mwaka 1200, akawacheka kidogo wote wawili, yule wa Kiarabu na yule wa Kireno. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, kikapatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, zikiwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, zimefukiwa pamoja na dinari za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu za kaskazini, ambazo huwa zimeandikwa mwaka. Hizo dinari hazivuki miaka ya 1060. Mtu hawezi kufukia pamoja na akiba yake sarafu ambazo hazijatolewa; kwa hiyo Ali bin al-Hasan alikuwa anatoa sarafu si baada ya karne ya 11. Aliyekaribia zaidi ni Barros.

Imekuwaje mgeni, adui, asiyewahi kufika, ampite mwenyeji? Kwa jinsi ninavyoona, ni kwa sababu tarehe haikumhusu. Kwa Barros, Kilwa kuanza karne ya 9 au ya 11 hakukumpa wala kumnyima chochote, hivyo aliinakili kama alivyoikuta. Kwa mtungaji wa sultani, ukongwe ulikuwa heshima ya nyumba. Barros huyuhuyu, tuliyemwekea shaka kwa habari za Ibrahim, tunamsikiliza kwa habari za Ali. Uaminifu hauko kwa mtu mzima mzima kama rangi ya ngozi yake. Uko katika kila sentensi, na sentensi moja inaweza kuwa na maslahi ambayo jirani yake hana.

Tukumbuke pia kwamba kitabu cha Kiarabu tunachosoma si karatasi aliyoigusa mtungaji. Nakala tuliyonayo iliandikwa Zanzibar mwaka 1877, na Sultani wa Zanzibar alimpa John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza. Sasa iko London. Kati ya kalamu ya kwanza na hii ya mwisho kuna zaidi ya miaka 300 na wanakili ambao hatuwajui. Nakala inamwita mfalme Ali bin al-Husain. Sarafu, ambazo hazinakiliwi na mtu aliyechoka, zinasema Ali bin al-Hasan. Maneno hayo mawili kwa herufi za Kiarabu yanatofautiana kwa herufi moja tu. Kosa kama hilo halina lengo wala hadhira, ni mkono tu.

Hata hivyo, ole wake anayekitupa Kitabu cha Sulwa kwa sababu kimeteleza mwanzoni. Tukishuka hadi karne ya 14, kinamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Kinasema alikwenda kuhiji akiwa kijana na akakaa Aden akisoma. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, na sultani aliyemkuta ni al-Hasan, na anaeleza kuwa aliitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake. Hapa tunao mashahidi wawili wa kweli. Mmoja ni mtu wa Tangier aliyesimulia safari zake Fez katika miaka ya 1350, kwa amri ya sultani wa huko, mwandishi Ibn Juzayy akiandika. Mwingine ni mtu wa Kilwa wa karne ya 16. Hakuna dalili kwamba wa pili alimsoma wa kwanza. Na jina la sultani huyo limepatikana pia kwenye sarafu na kwenye jiwe lililochongwa la jumba la Husuni Kubwa.

Ibn Battuta naye tumsome vilevile. Anatusimulia kwa urefu jinsi fakiri wa Yemen alivyomwomba sultani nguo alizovaa mwilini, na sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Kuhusu mji wenyewe anasema ni mzuri, na majengo yake ni ya mbao. Lakini Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa wa mawe tangu karne kadhaa kabla yake. Je, hakuingia msikitini? Bila shaka aliingia. Ila alikuwa akikumbuka baada ya miaka zaidi ya 20, mbele ya hadhira ya masheikh na watu wa ikulu waliotaka kusikia habari za watawala wacha Mungu na jinsi walivyomkirimu msafiri. Fakiri na nguo vilibaki kichwani kwa sababu ndivyo vilivyoulizwa. Ukuta haukuulizwa. Ningemwamini kwa ukarimu wa al-Hasan, na bado ningepunguza kidogo kiasi, kwa kuwa msimulizi aliyekwenda kupokea vipawa ana sababu ya kuwasifu wanaotoa. Kuhusu ujenzi, ningemwuliza mchimbaji.

Sehemu ya Kitabu cha Sulwa ninayoirudia mara nyingi ni ile ya mwisho, Wareno wanapoingia. Mtungaji anasema wenye kujua ukweli walitambua kuwa watu hao ni waovu wasioaminika, waliokuja kuipeleleza nchi ili waichukue. Ana chuki? Anayo, na hakuificha. Anatazama nyuma akijua mwisho wa jambo, kwa hiyo huo uangavu wa wazee wa mji, kwamba walitambua tangu siku ya kwanza, nauonea shaka. Mara nyingi watu hujikumbuka kuwa walijua. Lakini kuhusu kodi iliyodaiwa, meli zilizokuja, na nani aliegemea upande upi, huyu ndiye shahidi wa karibu kuliko wote. Waliomsimulia walikuwa baba na ami zake, na waliomsoma walikuwa majirani ambao nao walikuwapo. Mtu anaweza kuwadanganya wasomaji wake kuhusu Shirazi ya kale, maana hakuna aliyebaki wa kumpinga. Kuwadanganya kuhusu mwaka 1505, mbele ya watu waliokimbia siku ile wakiwa wamebeba watoto, ni kazi nyingine.

Katika dibaji aliahidi sura kumi. Nakala ya 1877 inakatika ndani ya ya saba, katika habari hizohizo za Wareno, na sura tatu zilizobaki hakuna aliyeziona.